Ratiba ya Marudio kwa Mwanafunzi wa Biolojia ya Molekuli Mwenye Zamu za Kazi

Ratiba ya marudio ni mpango wa kurudi kwenye mada zilizokwisha kufundishwa, kwa siku na saa zilizotajwa, kabla hazijafutika kichwani. Ni tofauti na ratiba ya vipindi inayotolewa na chuo. Ile inamwambia mwanafunzi mahali anapotakiwa kuwepo. Hii inamwambia cha kufanya na saa zinazobaki. Kwa anayesoma biolojia ya molekuli huku akifanya kazi ya muda, saa hizo ni chache na zimekatikakatika, na masomo yenyewe hayafanani: mengine yanataka kukariri majina, mengine kufuata mlolongo wa hatua, mengine kukokotoa. Kwa hiyo kuzigawa saa sawasawa kwa kila kozi hakutoshi. Ratiba inayofaa huanza kwa kuhesabu saa halisi, kisha hutenganisha aina za mada, na mwisho huipa kila aina muda unaoifaa na siku ya kurudiwa.

Hesabu ya saa

Nchini Tanzania uzito wa kozi hupimwa kwa krediti, na kwa mujibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, krediti 1 ni sawa na saa 10 za kujifunza. Ndani ya saa hizo mna mihadhara, maabara, kazi za nyumbani, kujisomea na mitihani. Chukuliwe mfano wa mwanafunzi wa mwaka wa pili jijini Dar es Salaam, mwenye kozi 6 za krediti 12 kila moja: jenetiki ya molekuli, bayokemia, mikrobiolojia, biolojia ya seli, mbinu za kuunganisha DNA, na takwimu. Jumla ni krediti 72, yaani saa 720 kwa muhula. Zikigawanywa kwa wiki 17, wiki za mitihani zikiwamo, kila wiki inadai saa 42 hivi. Mihadhara, semina na maabara zinachukua saa 24. Saa 18 zilizobaki ni za mwanafunzi kujipangia mwenyewe, na hilo ndilo deni ambalo ratiba yake inapaswa kulilipa.

Mwanafunzi huyu anaishi Tegeta, anasoma Mlimani, na anafanya kazi katika steshenari moja maeneo ya Mwenge. Zamu zake ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kuanzia saa 11 jioni hadi saa 3 usiku, na Jumamosi kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni. Jumla ni saa 20 za kazi. Wiki nzima ina saa 168. Zikitolewa saa 56 za kulala, 24 za vipindi, 20 za kazi, 11 za daladala, 21 za kupika, kula, kuoga na kufua, na 6 za ibada na familia, zinabaki 30.

Hapo ndipo ratiba nyingi zinapoharibika, kwa sababu mtu huzipanga zote 30. Katika saa hizo, kama 6 ni vipande vya dakika 10 au 20: kusubiri mhadhiri, kupanga foleni, kukaa dukani wakati hakuna wateja. Havifai kwa kazi inayohitaji meza. Zinabaki 24. Kati ya hizo, 18 zinapangiwa kazi, 3 zinawekwa akiba kwa ajili ya wiki yenye dharura, na 3 hazipangiwi kitu. Saa za akiba ndizo zinazoiwezesha ratiba kudumu, kwa kuwa zamu za kazi hubadilika bila taarifa na daladala hukwama.

Hesabu hii ifanywe kabla ya ratiba kuchorwa, tena kwa kuandika kwa siku 7 jinsi saa zilivyotumika kweli, si jinsi mtu anavyodhani zinatumika. Ikionekana kwamba baada ya kutoa yote zinabaki saa 10 wakati kozi zinadai 18, hakuna mpangilio wa ratiba utakaoliziba pengo hilo. Kinachotakiwa ni kupunguza zamu moja, au kuacha kozi moja ya hiari kabla muda wa kubadili usajili haujafungwa.

Mafungu matatu ya mada

Mada za biolojia ya molekuli zinaweza kugawanywa katika mafungu matatu. La kwanza ni mada za hatua: jinsi DNA inavyonakiliwa, jinsi RNA inavyotengenezwa, jinsi jeni inavyowashwa na kuzimwa. Kuzijua ni kuweza kueleza nini kinafuata nini, kwa sababu gani, na nini kitatokea hatua moja ikiharibika. Zinahitaji akili iliyopumzika na karatasi tupu.

Fungu la pili ni mada za majina na namba: amino asidi 20 na vifupisho vyake, kodoni 3 za kusimamisha ambazo ni UAA, UAG na UGA, kazi ya kila kimeng'enya, nyuzijoto za hatua za PCR. Hapa hakuna cha kueleza sana. Mtu anakumbuka au hakumbuki. Fungu hili linakaa vizuri kwenye kadi ndogo, swali upande mmoja na jibu upande wa pili, na kadi zinaweza kupitiwa popote pale, hata ndani ya daladala.

La tatu ni mada za maswali: kuchora ramani ya plazmidi, kubuni praima, kupiga hesabu za kuchanganya myeyusho, kupima dhana kwa takwimu. Hizi hazisomwi, zinafanywa. Zinataka kalamu, kikokotoo na muda mrefu usiokatika, kwa sababu swali moja linaweza kumaliza nusu saa.

Kozi moja huwa na mafungu yote matatu. Kwenye bayokemia, majina ya vimeng'enya 10 vya glaikolisisi ni fungu la pili. Kwa nini mkondo huo hupungua kasi seli inapokuwa na ATP nyingi ni fungu la kwanza. Kukokotoa kasi ya kimeng'enya ni la tatu. Ndiyo maana kuandika "bayokemia saa 2" kwenye ratiba hakumsaidii mtu. Akifika maktaba atatumia robo saa kuamua aanze na nini, na aghalabu ataangukia lile jepesi kuliko yote: kulisoma desa upya.

Kwa nini si kusoma desa tena

Kurudia kusoma kunampa mtu hisia ya kujua. Maneno yakishazoeleka machoni, huonekana kama yameshaingia kichwani. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, walilipima jambo hili. Waliwapa wanafunzi vifungu vifupi vya habari za sayansi. Sehemu moja ya habari waliisoma mara mbili. Nyingine waliisoma mara moja, kisha wakaifunika na kuandika yote waliyoyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, kusoma mara mbili kulishinda: asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Kusoma mara mbili kuliacha asilimia 42, na kuandika bila kutazama kuliacha 56.

Testi na mtihani wa mwisho wa muhula haviji dakika 5 baada ya kusoma. Kwa hiyo kila kipindi cha marudio kwenye ratiba kianze desa likiwa limefungwa. Mwanafunzi anaandika anachokumbuka, anachora mchoro, anajibu maswali, ndipo anafungua na kusahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Yaliyoandikwa kwa rangi hiyo ndiyo yanayohitaji kazi, mengine yaachwe.

Jambo la pili ni umbali kati ya marudio. Mwaka 2008, Nicholas Cepeda na wenzake walichapisha jaribio lililofuatilia watu zaidi ya 1,300 waliofundishwa habari wasizozijua, wakarudishiwa baada ya pengo fulani, kisha wakapimwa. Kadiri mtihani ulivyokuwa mbali, ndivyo pengo lililofaa lilivyokuwa refu. Miongoni mwa mapengo waliyoyajaribu, kwa aliyepimwa wiki moja baadaye pengo la siku 1 lilitosha, na kwa aliyepimwa siku 70 baadaye pengo la siku 21 ndilo lililofaa zaidi. Mwanafunzi wa chuo ana mitihani ya aina zote mbili, testi iliyo karibu na mtihani wa mwisho ulio mbali. Hivyo kila mada ya hatua inarudiwa mara tatu kwa mapengo yanayopanuka: kesho yake, baada ya wiki moja hivi, na baada ya wiki tatu nyingine.

Wiki yenyewe

Baada ya hayo ratiba inaweza kuchorwa. Kwa mwanafunzi wa mfano, inakuwa hivi:

| Siku | Muda | Kazi |
|---|---|---|
| Jumatatu | saa 4–6 asubuhi, maktaba | Marudio ya pili: mada zote za hatua za wiki iliyopita |
| Jumanne | saa 10–12 jioni, maktaba | Marudio ya kwanza: mada za Jumatatu |
| Jumanne | saa 2–4 usiku, nyumbani | Kazi za nyumbani; kuandika kadi mpya |
| Jumatano | saa 8–10 alasiri, maktaba | Marudio ya kwanza: mada za Jumanne |
| Alhamisi | saa 2–4 usiku, nyumbani | Ripoti ya maabara ya siku hiyo |
| Ijumaa | saa 4–6 asubuhi, maktaba | Marudio ya kwanza: mada za Jumatano na Alhamisi |
| Jumamosi | saa 2–3:30 usiku | Akiba |
| Jumapili | saa 1–3 asubuhi | Marudio ya tatu: mada zilizorudiwa wiki tatu hivi nyuma |
| Jumapili | saa 8–12 jioni | Mada za maswali |
| Jumapili | saa 2–3:30 usiku | Akiba |

Usiku wa siku za zamu hauna kitu. Anayetoka kazini saa 3 usiku anafika Tegeta karibu saa 4, na asubuhi ana kipindi cha saa 2. Kumwekea saa moja ya kusoma usiku huo ni kukopa kwenye usingizi, na usingizi ndio wakati ambapo ubongo unaimarisha kumbukumbu za mchana. Mada za hatua zimewekwa mchana, kwenye mianya ya vipindi, mwanafunzi akiwa bado hajachoka. Ripoti ya maabara imewekwa siku ileile ya maabara kwa sababu nyingine: saa chache baadaye bado anakumbuka kwamba mchirizi wa tatu kwenye jeli ulififia kwa kuwa sampuli ilimwagika, ilhali wiki ijayo atabaki na picha asiyoweza kuieleza.

Marudio ya pili yanafanyika kwa saa 2 tu, ingawa yanahusu wiki nzima. Yanatosha kwa sababu mada za hatua kwa kawaida hazizidi 8 au 9 kwa wiki, na kila moja inapewa kama dakika 12. Lengo si kujifunza upya, bali kuona kipi kimeshikika na kipi kimevuja.

Kadi hazimo kwenye jedwali kwa kuwa zina muda wake, ule wa vipande. Zinagawanywa mafungu matatu na kufungwa kwa raba. Fungu la kwanza linapitiwa kila siku, la pili kila baada ya siku 3, la tatu mara moja kwa wiki. Kadi iliyojibiwa sawasawa inapanda fungu. Iliyokosewa inarudi la kwanza. Mtindo huu ulienezwa na mwandishi wa Kijerumani Sebastian Leitner katika miaka ya 1970, yeye akitumia kisanduku chenye vyumba. Safari ya daladala kutoka Tegeta, mtu akibahatika kukaa, inatosha kwa kadi 40 au 50.

Mada moja kutoka mwanzo hadi mwisho

Namna ratiba inavyofanya kazi inaonekana vizuri kwa kuifuata mada moja. Operoni lac inafaa, kwani karibu kila kozi ya jenetiki ya molekuli huifundisha na wahadhiri hupenda kuitungia maswali. Ni mfumo ulioelezwa na François Jacob na Jacques Monod wa Taasisi ya Pasteur, Paris, mwaka 1961. Bakteria *Escherichia coli* ana jeni tatu zilizopangana, lacZ, lacY na lacA, zinazohusika na kutumia sukari ya laktosi. Kando yake kuna jeni ya nne, lacI, inayotengeneza protini kizuizi. Pasipo laktosi, kizuizi hukaa kwenye kipande cha DNA kiitwacho opereta na kuzuia jeni zile tatu zisisomwe. Laktosi ikiwepo, zao lake hushikamana na kizuizi, kizuizi kinabanduka, na jeni zinafunguka.

Mada imefundishwa Jumatatu. Jumanne saa 10 jioni, desa likiwa limefungwa, mwanafunzi anachora mstari wa DNA na kuweka juu yake promota, opereta na jeni tatu. Kisha anaandika kinachotokea katika hali nne: laktosi ipo au haipo, glukosi ipo au haipo. Kosa linalojitokeza sana hapa ni kusema kwamba laktosi ikiwepo jeni hufanya kazi kwa nguvu, basi. Anapofungua desa anakuta kwamba glukosi ikiwepo pia, kiwango cha cAMP ndani ya seli hushuka, protini ya CAP haiwezi kuisaidia RNA polimerasi kushika promota, na jeni husomwa kidogo tu. Marekebisho hayo yanaandikwa kwa kalamu nyekundu. Majina ya jeni na kazi zake yanakwenda kwenye kadi 4. Maelezo ya hatua hayaendi kwenye kadi.

Jumatatu inayofuata, ndani ya dakika 12, anachora tena kutoka mwanzo. Safari hii mchoro unatoka haraka, kwa hiyo anaongeza swali: nini kitatokea lacI ikiharibika? Jibu ni kwamba hakuna kizuizi, jeni zinabaki wazi hata pasipo laktosi. Na opereta ikiharibika kiasi kwamba kizuizi hakiwezi kukaa? Matokeo ni yaleyale, lakini kwa sababu nyingine, na tofauti ya sababu hizo mbili ndiyo mtihani wa baadaye.

Takriban wiki tatu mbele, Jumapili asubuhi, inakuja zamu ya marudio ya tatu. Sasa swali ni la kiwango cha mtihani. Bakteria amepewa nakala mbili za operoni, moja kwenye kromosomu na moja kwenye plazmidi:

`I⁻ O⁺ Z⁺ / I⁺ O⁺ Z⁻`

Je, atatengeneza kimeng'enya cha lacZ pasipo laktosi? Anayekariri tu atasema ndiyo, kwa kuwa nakala yenye Z nzima ina I mbovu. Anayefuata hatua atakumbuka kwamba kizuizi ni protini inayoelea ndani ya seli. I nzima ya nakala ya pili inatengeneza kizuizi kinachozifikia opereta zote mbili, kwa hiyo jeni inabaki imefungwa hadi laktosi ije. Kisha anabadilisha: nakala ya kwanza iwe na I nzima, ila opereta yake ndiyo iwe mbovu. Hapo kimeng'enya kinatengenezwa wakati wote, kwa sababu opereta ni kipande cha DNA, nacho kinatawala jeni zilizoungana nacho tu. Nakala nzima ya opereta iliyo kwingine haiwezi kumsaidia jirani yake.

Kwa jumla mada hii imetumia kama dakika 35 Jumanne, 12 Jumatatu na 20 Jumapili. Ni saa moja na dakika 7, ikiwa imetawanywa katika siku 26. Saa hiyohiyo ikitumika yote usiku mmoja kusoma desa, mtu huweza kuchora mchoro kesho yake asubuhi, lakini swali la nakala mbili humshinda.

Jumapili alasiri

Saa 4 za Jumapili zinahitaji mpangilio wake. Zinagawanywa katika vipande vya dakika 50 na mapumziko ya dakika 10, na maswali ya kozi tofauti yanachanganywa badala ya kumaliza kozi moja kwanza. Mwanafunzi akifanya maswali 10 ya aina moja mfululizo, kuanzia la tatu hafikirii tena njia ipi itumike. Anaiga ya juu yake. Mtihani hautamwambia swali ni la aina gani.

Swali la ramani ya plazmidi linaonyesha faida ya kuchanganya. Plazmidi ya jozi besi 6,000 ikikatwa na EcoRI inatoa kipande kimoja cha 6,000. Ikikatwa na HindIII inatoa vipande vya 4,500 na 1,500. Ikikatwa na vyote viwili inatoa 4,500, 1,000 na 500. Kwa kuwa plazmidi ni duara, idadi ya vipande ni sawa na idadi ya mikato: EcoRI inakata mara 1, HindIII mara 2. Kipande cha 4,500 hakikuguswa, cha 1,500 ndicho kilichogawanyika, hivyo mahali pa EcoRI ni ndani ya kile cha 1,500, umbali wa 500 kutoka mwisho wake mmoja. Swali linalofuata likihusu DNA iliyonyooka, mikato 2 inatoa vipande 3. Aliyefanya maswali ya duara peke yake kwa saa nzima atateleza hapo.

Kila swali lililokosewa linaandikwa kwenye daftari la makosa kwa mstari mmoja: mada, kosa, sababu. Sababu ziwe za kweli, kama "nilidhani ni duara", "nilisahau kubadili mililita kuwa mikrolita", "sikujua". Baada ya wiki 3 daftari hilo linaonyesha kozi ipi inadai saa zaidi. Huo ni ushahidi bora kuliko hofu, kwa maana kozi inayotisha si lazima iwe ndiyo inayoangusha.

Inapokwenda mrama

Ratiba huharibika kwa njia chache zinazojulikana, na kila moja ina dalili yake. Ya kwanza ni mlundikano wa kadi. Mwanafunzi anaandika kadi 60 kwa usiku mmoja, na wiki inayofuata anadaiwa kupitia 200 kwa siku. Dalili ni kwamba fungu la kila siku haliishi kwenye safari za daladala. Dawa ni kuandika kadi mpya zisizozidi 15 kwa siku ya masomo na kutupa zile zenye maswali mapana. Kadi inayosema "Eleza PCR" haipimiki, inayouliza "Kwa nini kimeng'enya cha PCR lazima kistahimili nyuzijoto 95 za Selsiasi?" ina jibu moja.

Ya pili ni zamu kubadilika. Bosi anaomba mtu aje Jumanne badala ya Jumatano. Kipindi cha Jumanne usiku kinahamia Jumatano usiku ambao sasa uko wazi, na cha Jumanne jioni kinaingia kwenye akiba ya Jumamosi. Akiba ikijaa, kinachoachwa kwanza ni marudio ya tatu ya mada ambazo hazikuwa na wino mwekundu Jumatatu yake. Kinachoachwa mwisho ni marudio ya kwanza, kwa sababu mada isiyoguswa siku zake za mwanzo itabidi ijifunzwe upya, na hilo linagharimu saa nyingi kuliko zilizookolewa.

Ya tatu ni uchovu, ambao hauonekani kwenye jedwali. Dalili yake iko kwenye kadi: zile zilizokwisha kupanda hadi fungu la tatu zinaanza kurudi la kwanza kwa wingi, bila mada mpya ngumu kuingia. Kuongeza saa za kusoma wakati huo kunazidisha tatizo. Saa 3 za akiba za wiki hiyo zinatolewa kwa usingizi.

Ya nne ni kazi zenye tarehe kumeza marudio. Ripoti na kazi za nyumbani zina mtu anayezidai, marudio hayana. Wiki mbili mfululizo bila ukurasa mtupu hata mmoja ni dalili tosha. Ripoti ikizidi saa 2 za Alhamisi, iingie kwenye akiba, si kwenye kipindi cha Ijumaa.

Wiki za mwisho wa muhula

Katika vyuo vingi vya Tanzania alama za muhula, yaani testi, maabara na kazi za nyumbani, huchangia asilimia 40, na mtihani wa mwisho 60. Wiki 3 kabla ya mtihani huo ratiba inabadilika sura. Kadi mpya zinasimama. Marudio ya kwanza yanabaki kwa mada zinazoendelea kufundishwa tu, na saa 4 za Jumapili zinakuwa za mitihani ya miaka iliyopita, inayofanywa kwa muda wake kamili, bila desa wala simu, kisha kusahihishwa. Ikiwa mtihani ni wa saa 3, saa 1 inayobaki ni ya kuhamishia makosa daftarini, na vipindi vya katikati ya wiki vinafuata daftari hilo badala ya mpangilio wa mada.

Ruhusa ya kupunguza zamu iombwe mapema, ratiba ya mitihani inapotangazwa, kwa kuwa duka pia linahitaji kumpata mtu wa kushika nafasi. Kufuta zamu ya Jumamosi pekee kwa wiki hizo kunaachia saa 8 za kazi na saa 1 ya njiani. Kozi mbili zenye makosa mengi daftarini ndizo za kupewa saa hizo, kila moja mtihani mmoja wa zamani Jumamosi asubuhi au alasiri, na saa zinazobaki zitumike kurudia kwenye karatasi tupu mada zilizoangusha mtihani huo.